Robo Saa Mbele ya Ubao: Kikao cha Kusimama kwa Watu wa Kazi za Ofisi

Ndugu zangu wakuu wa vitengo, maafisa, na ninyi nyote mlioacha meza zenu kuja kusikiliza, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie kikao kifupi cha kila siku, kile ambacho watu hukutana wakiwa wamesimama, wakasemezana kuhusu kazi ya siku hiyo, kisha wakatawanyika. Wengi wenu mnacho. Wengine mlikuwa nacho kikafa. Na wapo humu wanaokihudhuria kila siku bila kuona kinawasaidia nini. Hao ndio niliowafikiria zaidi nilipokuwa najiandaa.

Nianze na asubuhi moja. Nilikuwa mkuu wa kitengo cha manunuzi chenye watu 8: maafisa manunuzi watatu, mhasibu, mtunza stoo, karani wa mapokezi, dereva na mimi. Nilikuwa nimesikia habari za kikao hiki nikakipenda, nikakianzisha. Tulisimama kwenye duara, na kila mtu kwa zamu yake akajibu maswali matatu: jana ulifanya nini, leo utafanya nini, una kikwazo gani.

Asubuhi hiyo, tukiwa katika mwezi wa pili, mhasibu alikuwa anaeleza habari ya ankara ya viti asiyoweza kuilipa kwa sababu hesabu zake hazilingani. Nikageuza macho nikamwona mtunza stoo. Midomo yake ilikuwa inacheza polepole, bila sauti. Alikuwa anajipanga atakachosema zamu yake ikifika. Katika chumba kile, mtu pekee aliyejua kwa nini hesabu za viti hazilingani alikuwa yeye, na hakusikia hata neno moja. Zamu yake ikafika, akasema: "Jana nilipokea mzigo, leo nitapanga stoo, sina kikwazo." Tukaenda kwa anayefuata. Ankara ile ikakaa siku 9 zaidi.

Mtunza stoo hakuwa mvivu wala mzembe. Mimi ndiye niliyekipanga kikao kwa namna ambayo mtu mwenye akili timamu hawezi kuwasikiliza wenzake, kwa kuwa kila mmoja anangojea kuulizwa na bosi. Na kikao chetu kilikuwa kimeshafika nusu saa. Watu 8 kwa nusu saa ni saa 4 za kazi kila siku, saa 20 kwa wiki ya siku 5. Ni sawa na kumchukua mfanyakazi mmoja na kumweka kwenye kikao nusu ya wiki nzima. Hata kikao cha robo saa kamili kinakula saa 10 kwa wiki. Muda huo ni wa watu, na lazima uwarudishie kitu.

Turudi nyuma kidogo tuone kikao hiki kimetoka wapi, maana asili yake inaeleza kwa nini kinatushinda sisi. Umaarufu wake ulitokana na watengenezaji wa programu za kompyuta. Jeff Sutherland na Ken Schwaber, waliouwasilisha hadharani mfumo wa kazi unaoitwa Scrum mwaka 1995, waliweka ndani yake mkutano wa kila siku usiozidi dakika 15, unaofanyika saa ile ile na mahali pale pale. Yale maswali matatu yalikuwa sehemu ya mkutano huo kwa miaka mingi. Lakini katika toleo la mwaka 2020 la mwongozo wao, waliyaondoa. Mwongozo ukabakiza jambo moja la msingi: watu watazame wanavyolisogelea lengo lao, wapange kazi ya siku inayofuata, na namna ya kufanya hivyo waichague wenyewe. Sisi huku tuliyachukua maswali, tukaliacha lengo.

Maswali yale yana shida kubwa zaidi kwetu kuliko kwao. Watengenezaji watano wa programu moja wanagusa kitu kimoja. Akisema mmoja jana nimebadilisha sehemu fulani, wenzake wote wana sababu ya kutega sikio, kwa kuwa kesho watagongana nayo. Sasa chukua kitengo chetu. Dereva ana faida gani ya kujua kwamba mhasibu jana alilinganisha taarifa ya benki? Karani wa mapokezi afanye nini na habari kwamba afisa manunuzi leo ana mkutano? Mtu anayesikia mambo yasiyomhusu huacha kusikiliza, na akiacha kusikiliza hata linalomhusu litampita.

Ila kuna kitu tulichokuwa tunagusa sote, nacho ni maombi ya manunuzi. Ombi linaingia kwa karani. Linakwenda kwa afisa atafute bei. Linasubiri idhini. Linakuwa oda. Mzigo unafika stoo, wakati mwingine dereva ndiye anaufuata. Mwisho mhasibu analipa. Ombi moja linapita mikononi mwetu wote, na karibu kila mara linakwama mahali pale pale: kati ya mkono mmoja na mwingine. Basi tukaacha kuwauliza watu. Tukaanza kuyauliza maombi yenyewe. Hicho ndicho ninachotaka mwondoke nacho leo, na muda uliobaki nitautumia kuwaonyesha kinavyofanyika.

Tulitundika ubao ukutani, wa kawaida tu, tukauchora safu tano. Kutoka kushoto: Limeombwa, Linatafutiwa bei, Linasubiri idhini, Limeagizwa, Limepokelewa. Ombi likishalipwa, kadi yake inatoka ubaoni. Kila ombi lina kadi moja, na juu ya kadi kuna mambo matatu tu: kitu gani, kwa ajili ya nani, kinahitajika tarehe ngapi. Pembeni mwa kadi, jina la aliyenalo sasa hivi, kwa penseli, ili lifutwe ombi likihama. Tulipoanza tulikuwa na kadi 23. Ukiwa na kadi 60, usizibandike zote. Weka zile zinazotakiwa kusogea ndani ya wiki mbili, zilizobaki zingoje kwenye bahasha.

Kila asubuhi, kabla ya kikao, karani alipita na kalamu nyekundu. Kadi iliyolala kwenye safu ile ile tangu jana aliitia nukta moja. Kesho ikiwa bado ipo, nukta ya pili. Ni kazi ya dakika mbili. Lakini nukta hizi ndizo zilizotuponya, kwa kuwa zinasema bila kumsema mtu. Mimi kama mkuu nikimwambia afisa "ombi lako limechelewa," atajitetea. Kadi yenye nukta sita haimlaumu mtu yeyote. Inaonekana tu, na mwenye nayo ndiye anayekuwa wa kwanza kuomba msaada.

Kikao chenyewe kilianza saa 2:15 asubuhi. Muda huo tuliuchagua kwa sababu dirisha la mapokezi linafunguliwa saa 2:30, na watu huwa wameshafika nje. Nawashauri mfanye vivyo hivyo: kiwekeni kikao mbele ya jambo lisilongoja. Kengele ya simu mtu anaizima akaendelea kuongea. Watu waliosimama dirishani hawazimwi.

Anayeongoza anasimama karibu na ubao na kuanza upande wa kulia, kwenye safu ya mwisho. Hapa watu wengi huniuliza kwa nini tusianze kushoto kama tunavyosoma. Sababu ni hii: kadi zilizo kulia zimebakiza hatua moja kumfikia mtu anayezingoja. Zimeshakula kazi yote. Ukianza kushoto, dakika 10 za kwanza zinaishia kwenye maombi mapya ambayo kila mtu ana maoni nayo, na ukifika kulia muda umekwisha. Kwa hiyo kazi mpya zinaongezeka na za zamani hazimaliziki. Ukianza kulia, swali la kwanza la siku linakuwa: leo tunaweza kumaliza nini?

Na hamzungumzii kila kadi. Kadi inayokwenda vizuri inapitwa kimya. Tunasimama kwenye kadi za aina tatu pekee: yenye nukta tatu au zaidi, ambayo tarehe yake iko ndani ya siku mbili, na ile ambayo mtu ameinua mkono akasema, "hii naomba tuisimamie." Kati ya kadi 23, asubuhi ya kawaida tulisimama kwenye kadi 5 au 6. Kila moja inaulizwa swali moja: inasubiri nini, kutoka kwa nani?

Naomba mlishike hilo swali, maana limebadilisha mengi kuliko ubao wenyewe. Lile la zamani, "una kikwazo gani," karibu kila siku lilijibiwa "sina." Watu wanasikia neno kikwazo na kuona wanaulizwa wameshindwa wapi. Nani atasimama mbele ya wenzake na mbele ya mkuu wake aseme ameshindwa? Lakini "inasubiri nini, kutoka kwa nani" ni swali linaloihusu kadi. Afisa aliyekuwa anasema "sina kikwazo" kwa wiki tatu, alipoulizwa hivi alijibu papo hapo: "Inasubiri sahihi, ipo mezani kwako tangu ijumaa." Meza hiyo ilikuwa yangu.

Sasa nirudi kwenye viti, tuvione vilivyopita katika kikao cha namna hii. Safari hii ilikuwa oda nyingine ya msambazaji yule yule, miezi michache baadaye, na tatizo lilijirudia karibu lile lile. Kadi ilikuwa safu ya mwisho kabisa, Limepokelewa, viti 40 vya chumba cha mafunzo, nukta tatu. Anayeongoza wiki hiyo alikuwa dereva. Akaigusa kadi, akauliza inasubiri nini, kutoka kwa nani.

Mhasibu akasema: "Ankara inadai viti 40. Hati ya mapokezi ya stoo inaonyesha 36. Oda yetu ni 40. Siwezi kulipa mpaka karatasi zote tatu ziseme kitu kimoja."

Mtunza stoo, ambaye safari hii alikuwa anautazama ubao kama wenzake wote, akasema: "Vinne vilikuja vimevunjika miguu, nikavirudisha na gari lile lile lililoleta."

Mhasibu: "Uliandikiana nao?"

"Dereva wao alitia sahihi kwenye nakala yangu. Ipo stoo."

Afisa manunuzi aliyeagiza viti vile akaingia: "Basi watuletee vinne vingine, ama watupe hati ya kupunguza deni tulipie 36. Ila chumba kinatakiwa jumatatu, na nadhani 36 vinatosha, sema lazima niwaulize..."

Dereva akasema, "Pembeni." Akaandika chini ya ubao: viti, mhasibu, stoo, afisa, baada ya kikao. Tukaenda kadi inayofuata. Mazungumzo yote hayo hayakufika dakika moja.

Tazameni kilichotokea. Kikao hakikulimaliza tatizo la viti. Kiliwakutanisha watu watatu ambao kila mmoja alikuwa na kipande cha jibu mfukoni, na kila mmoja alidhani anamngoja mtu mwingine. Mhasibu alidhani mzigo haujakamilika kufika. Mtunza stoo alidhani ameshamaliza kazi yake. Afisa hakujua kama kuna vilivyorudishwa. Wale watano waliobaki hawakuwa na la kuongeza, kwa hiyo hawakuzuiliwa. Saa 2:26 kikao kilikwisha, wale watatu wakabaki mbele ya ubao kwa dakika nne wakaamua: wamwombe msambazaji hati ya kupunguza deni, walipe 36. Kadi ilitoka ubaoni kesho yake.

Neno hili "pembeni" linahitaji kanuni, la sivyo linageuka kuwa namna ya kumnyamazisha mtu. Kanuni yetu ilikuwa hii: watu wawili wakishajibizana mara mbili, na wanataka kujibizana mara ya tatu, linakwenda pembeni. Mara ya kwanza ni kuuliza, mara ya pili ni kujibu na kufafanua, ya tatu tayari ni majadiliano. Mtu yeyote ana haki ya kulitamka, hata kumwambia mkuu. Na likishatamkwa lazima liandikwe, pamoja na majina ya wanaobaki. Kisichoandikwa kinapotea, na baada ya wiki mbili watu wanajua kwamba "pembeni" maana yake ni "sahau." Hapo watang'ang'ania kulimaliza ndani ya kikao, na nusu saa yenu itarudi. Ndiyo sababu tulianza kila asubuhi kwa kusoma orodha ya pembeni ya jana. Neno moja kwa kila jambo, limekwisha au halijakwisha.

Nizungumze na wakuu wa vitengo sasa, kwa kuwa kikao kikiharibika, mara nyingi ni sisi tunaokiharibu, na tunakiharibu kwa nia njema. Mkuu akisimama katikati, watu watamtazama yeye. Macho yakimtazama, maneno yanageuka taarifa. Na taarifa ikishaanza, mkuu anauliza swali, kwa sababu ni wajibu wake kuuliza, na swali moja linazaa dakika tatu. Mimi nilihamia nyuma ya watu, bega kwa bega na karani, nikiutazama ubao kama wao. Uongozi wa kikao ukazunguka, kila mtu wiki moja, kuanzia wale wanaozungumza kwa nadra. Maswali yangu niliyaandika kwenye daftari, nikawafuata watu mezani baada ya kikao. Mengi yalikuwa yameshajijibu kabla sijafika.

Mkitaka kujua kama kikao chenu ni cha timu au ni cha kumripotia mkuu, kuna kipimo kisichodanganya. Mkuu akiwa safarini, je, kikao kinafanyika? Kama siku mkuu hayupo watu wanasema "leo hakuna kikao," basi walikuwa wanakuja kwa ajili yake. Cha kwetu kilipita kipimo hicho baada ya wiki kama sita. Nilirudi kutoka safari ya siku nne nikakuta orodha ya pembeni ina mwandiko wa watu wanne tofauti.

Kuhusu kuchelewa sitasema mengi. Anzeni kwa wakati, na waliopo, hata wakiwa watatu. Anayechelewa asirudiwe yaliyopita, atayaona ubaoni. Msitoze faini. Nimeona timu zikitoza, na kilichofuata ni watu kununua haki ya kuchelewa.

Kusimama kwenyewe je? Kuna utafiti wa mwaka 1999 wa Allen Bluedorn na wenzake wawili, uliolinganisha vikundi vya watu watano watano, baadhi wameketi na baadhi wamesimama, wakifanya uamuzi juu ya jambo moja. Vikao vya kuketi vilichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 34 hivi, na maamuzi yao hayakuwa bora kuliko ya waliosimama. Kwa hiyo miguu inasaidia. Lakini msiifanye sharti. Katika timu yoyote yupo mwenye mgongo unaouma, mjamzito, anayetumia kiti cha magurudumu, au mwenye maumivu asiyopenda kuyatangaza. Mwambieni kila mtu tangu siku ya kwanza kwamba viti vipo ukutani na hakuna atakayeulizwa. Mkiketi nusu yenu, kanuni ya "pembeni" na lile dirisha la saa 2:30 vitailinda robo saa yenu.

Na hiyo robo saa ni dari, wala si kipimo cha kujaza. Asubuhi ambayo hakuna kadi yenye nukta tatu wala tarehe iliyo karibu, kikao kinakwisha kwa dakika nne. Tawanyikeni. Nimeona viongozi wakipata wasiwasi kikao kikiwa kifupi, wakatafuta la kuongeza: tangazo, kumbusho la fomu, habari za likizo. Hayo yana mahali pake, kwenye ujumbe au kikao cha wiki. Tangazo la kwanza likiingia asubuhi, la pili litalifuata, na watu wataanza tena kupanga midomo yao wakati wenzao wanaongea.

Wenzetu walio mbali wanahitaji uangalifu. Tulikuwa na afisa mmoja aliyefanya kazi kutoka nyumbani siku mbili kwa wiki. Mwanzoni tulimweka kwenye spika ya simu katikati ya chumba, na hakusema lolote, kwa kuwa hakuona ubao wala hakujua nani anaongea. Tukabadili. Siku zake karani alimtumia picha ya ubao saa 2:10, na anayeongoza alimuuliza yeye kwanza kwenye kila kadi yenye jina lake. Hilo lilitosha. Kama zaidi ya nusu yenu mko mbali, hamisheni ubao wote kwenye jedwali la pamoja ambalo kila mtu analifungua kwake, hata wale walioko ofisini, ili wote waone kitu kimoja.

Sasa nieleze mahali ambapo sikushauri uanzishe kikao hiki, kwa sababu napenda kuona muda wa watu ukiheshimiwa kuliko ninavyopenda kikao chenyewe. Kama timu yako ina watu sita na kila mmoja ana kazi yake asiyomkabidhi mwenzake popote, huna kadi za pamoja, na huna la kuzungumza kila siku. Mwalike kila mmoja kwa wakati wake. Kama kazi zenu zinasogea kwa wiki badala ya siku, mfano kuandaa bajeti au kuandika ripoti ndefu, kadi zitapata nukta kila siku bila sababu na watu watazizoea. Fanyeni mara mbili kwa wiki, na nukta zihesabiwe kwa kikao. Na mkizidi watu 10, gawanyikeni kufuata mkondo wa kazi, wale wanaopokezana kadi wakae pamoja. Vyeo visitumike kugawa. Kikao cha wakuu peke yao kitawakosa mtunza stoo na dereva, na mmeona wenyewe kilichojulikana na mtunza stoo.

Utajuaje kama kinafaa? Jaribuni kwa wiki tatu, na kila siku andikeni kwenye kona ya ubao namba tatu: dakika zilizotumika, kadi zenye nukta tatu au zaidi, na mambo yaliyokwenda pembeni. Wiki ya kwanza tegemeeni nukta nyingi na pembeni nyingi, maana vitu vilivyokuwa vimejificha vinatoka. Dakika zikipanda huku pembeni ikiwa sifuri, mnajadili ndani ya kikao. Rudini kwenye kanuni ya mara tatu. Pembeni ikiwa sifuri na nukta zinaongezeka, watu wameona tatizo lakini hawasemi, na hapo mkuu ajiulize amesimama wapi na anatazamwa na nani. Nukta zikijaa safu moja tu, tatizo haliko kwenye kikao. Kwetu zilijaa kwenye safu ya Linasubiri idhini. Sahihi ile ilihitaji mtu wa pili anayeruhusiwa kuitia nisipokuwepo, na ilibidi niende ngazi ya juu kumwombea mtu huyo mamlaka. Robo saa ya asubuhi ilituonyesha tu mahali pa kwenda.

Nimeleta ubao mdogo, upo pale mlangoni, na kadi tupu 20 na kalamu nyekundu. Wakati wa chai nitakuwa nimesimama hapo. Njoo na kazi moja ya timu yako iliyolala wiki hii, tuiandikie kadi, tuulize inasubiri nini na kutoka kwa nani. Asanteni sana kwa kunisikiliza.